Adrenalini na Noradrenalini: Mwongozo wa Kusoma Athari Zake Mwilini

Msomaji ninayemwandikia ni muuguzi, tabibu au mwanafunzi wa utabibu aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, mkononi ana karatasi ya vipimo iliyoandikwa mapigo ya moyo, shinikizo la damu la juu na la chini, na pengine kiasi cha sukari, naye anatakiwa kufahamu ni dawa gani, au ni homoni gani ya mwili wenyewe, iliyozifanya tarakimu zile ziwe kama zilivyo. Adrenalini na noradrenalini zimekaribiana sana kwa umbile, kwani kilichozitenga ni kikundi kimoja kidogo cha kaboni moja na hidrojeni tatu, ambacho adrenalini inacho na noradrenalini haina; na kwa sababu ya ukaribu huo watu wengi husema juu ya zote mbili kwamba zinapandisha presha na kuuhimiza moyo, kisha wakaachia hapo. Anayeachia hapo atashangaa siku atakapomwona mgonjwa wa noradrenalini ambaye mapigo yake yamepungua badala ya kuongezeka, na atashangaa zaidi atakapoona adrenalini imeuhimiza moyo kwa nguvu, ilhali shinikizo la wastani halikusogea hata kidogo.

Shauri langu la kwanza, ambalo yote yanayofuata ni sherehe yake, ni hili: usianze kutazama shinikizo la juu. Dawa zote mbili hulipandisha, kwa hiyo halikwambii lolote la kuzitenga. Anza na shinikizo la chini, kisha hesabu mapigo ya moyo, na ndipo utazame sukari. Vitu hivyo vitatu, vikisomwa kwa utaratibu huo, hukuonyesha ni ipi kati ya mbili hizo inayotawala.

Kabla ya kufika kwenye kitanda, yafaa tujue zinatoka wapi. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo yenye tabaka mbili, gamba kwa nje na kiini kwa ndani, na kila tabaka ina kazi yake. Gamba hutoa kotizoli na homoni nyingine za jamii yake. Kiini ndicho kinachotoa katekolamini, jina la jumla la adrenalini, noradrenalini na dopamini. Chembe za kiini kwa asili ni za nasaba ya neva, na neva inayokuja kuziamrisha hutoka moja kwa moja katika uti wa mgongo bila kupumzika njiani. Inapozigusa kwa asetilikolini, chembe hizo huimimina akiba yao katika damu kwa sekunde chache. Akiba hiyo hutengenezwa kwa hatua, kuanzia asidi ya amino iitwayo tairosini, ambayo hugeuzwa dopa, ikawa dopamini, ikawa noradrenalini. Na hatua ya mwisho, ya kuigeuza noradrenalini kuwa adrenalini, huhitaji kimeng'enya ambacho hakitengenezwi vizuri ila pale palipo na kotizoli nyingi. Na damu inayotoka katika gamba hupita katika kiini kabla ya kuondoka tezini, imejaa kotizoli. Kwa ajili hiyo kiini cha tezi ya binadamu hutoa adrenalini kwa kiasi kama cha asilimia 80, na noradrenalini asilimia 20 hivi, ilhali ncha za neva za mwilini kote, ambazo haziogi katika kotizoli, huishia kwenye noradrenalini. Jambo hili la kotizoli liweke akilini, maana tutalihitaji mwishoni.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami naona ni msingi. Noradrenalini inayopimwa katika damu ya mtu mwenye afya haikutoka tezini kwa sehemu kubwa. Ni mabaki yaliyomwagika kutoka kwenye ncha za neva baada ya neva hizo kufanya kazi yao papo hapo penye mshipa. Mtu akiondolewa tezi zake zote mbili, adrenalini hukaribia kutoweka katika damu yake, walakini noradrenalini hubaki karibu na ilivyokuwa. Na mtu aliyelala akisimama, noradrenalini yake hukaribia kuwa maradufu kwa dakika chache tu, kwa sababu neva zimeibana mishipa ili damu isizame miguuni. Noradrenalini, basi, ni barua iliyokabidhiwa mkononi mwa mwenyewe, na adrenalini ni mbiu ya mgambo inayosikika mtaa mzima, kila mwenye sikio akaitika kwa namna yake.

Tarakimu zinathibitisha jambo hilo. Katika damu ya mtu aliyepumzika adrenalini huwa kama pikogramu 30 kwa mililita, na ikifika kati ya 50 na 100 moyo umekwisha anza kuenda mbio. Ikipita 150 hivi sukari nayo huanza kupanda. Noradrenalini, kwa upande wake, huwa kama 200 mtu akiwa amepumzika, na wachunguzi walipoitia katika mshipa kidogo kidogo ili kujua ni lini damu yenyewe itaanza kuleta athari, iliwabidi waifikishe karibu na 1,800. Maana yake ni kwamba mabadiliko madogo ya adrenalini katika damu yana athari, hata yale yanayotokea mtu anapoingia chumba cha mtihani. Lakini noradrenalini ya damuni huwa na nguvu ya homoni katika nyakati chache tu, kama vile mazoezi mazito, maradhi makali, uvimbe wa tezi, au pale sisi wenyewe tunapoitia kwa dripu.

Sasa tuje kwenye vipokezi. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, aliyekuwa akichunguza namna dawa za jamii hii zinavyotofautiana kwa nguvu katika viungo mbalimbali, alipendekeza kwamba viungo hivyo vina vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Baadaye kila aina ikagawanywa tena. Kwa kazi yetu ya leo vitatu vinatosha kwa moyo na mishipa. Alfa ya kwanza imo katika kuta za mishipa midogo ya ngozi, matumbo, figo na hata misuli, na kazi yake ni kuibana. Beta ya kwanza imo moyoni, na huongeza mapigo na nguvu ya kila pigo. Beta ya pili imo katika mishipa midogo ya misuli ya viungo na katika ini, na huipanua mishipa hiyo. Imo pia katika njia za hewa za mapafu, ambazo hulegea kipokezi hicho kikiguswa. Adrenalini huvishika vyote vitatu kwa nguvu. Noradrenalini huvishika alfa na beta ya kwanza vizuri, lakini beta ya pili huigusa kwa udhaifu mno, kiasi kwamba kwa dozi za kawaida waweza kuhesabu kuwa haiigusi. Tofauti nyingi utakazoziona kitandani, ama zote za mishipa ama zile kubwa za sukari, zimetoka katika upungufu huo mmoja.

Tuchukue mfano na tuufuate hatua kwa hatua. Mwaka 1949 Henry Barcroft na Heribert Konzett walichapisha uchunguzi wao juu ya binadamu waliotiwa dawa hizi mshipani polepole, huku mapigo, shinikizo na mwendo wa damu katika misuli vikipimwa. Na uchunguzi wa namna hiyo, aghalabu kwa mikrogramu 10 kila dakika, ukarudiwa na wengine hata ukawa msingi wa michoro inayofundishiwa hadi leo. Tarakimu ninazozitumia hapa ni za mfano, nilizozilainisha ili hesabu iwe nyepesi, lakini sura yake ndiyo ile waliyoiona. Mtu wetu ni mzima, amelala, shinikizo lake ni 120 kwa 70, mapigo yake 72 kwa dakika, na moyo wake unasukuma lita 5 za damu kila dakika. Shinikizo la wastani hupatikana kwa kulichukua la chini na kuliongezea theluthi ya tofauti ya mawili hayo: 70 na theluthi ya 50, yaani karibu 87. Gawanya 87 kwa lita 5, na ukinzani wa mishipa yote kwa pamoja ni kama 17, kwa kipimo ambacho hapa hakitushughulishi isipokuwa kwa kulinganisha.

Tumtie noradrenalini. Baada ya dakika chache shinikizo linasoma 160 kwa 95, na mapigo yameshuka hata 58. La juu limepanda, la chini limepanda vilevile, na wastani umekuwa karibu 117. Moyo unasukuma pengine kidogo pungufu ya lita 5, tuseme 4.8. Gawanya, utapata ukinzani wa 24. Mishipa imebanwa kila mahali, ngozi ni baridi na nyeupe, na hakuna upande uliofunguka kulipia ule uliobanwa.

Mwanafunzi mwangalifu atauliza: ikiwa noradrenalini inaishika beta ya kwanza ya moyo, kwa nini mapigo yameshuka? Ni swali zuri, na jibu lake liko nje ya moyo. Katika shingo, pale ateri kuu ya kichwa inapogawanyika, na katika upinde wa aota, kuna vihisi vinavyosikia mvutano wa ukuta wa mshipa. Shinikizo la wastani lilipopanda kutoka 87 mpaka 117, vihisi hivyo viliupa ubongo khabari, na ubongo ukatuma amri kwa neva ya vagasi iupunguze moyo mwendo. Moyo, basi, unapokea amri mbili kwa wakati mmoja: noradrenalini inauhimiza, vagasi inauzuia, na vagasi ndiyo inayoshinda. Ukitaka kuyakinisha, tazama kinachotokea kwa mtu aliyepewa atropini kwanza, dawa inayoifunga mdomo vagasi: noradrenalini ileile humpandisha mapigo. Na moyo uliotolewa mwilini, ukawekwa katika chombo cha maabara mbali na neva zote, huenda mbio ukiguswa na yoyote kati ya mbili hizi. Kwa hiyo usiseme kamwe kwamba noradrenalini hupunguza mapigo. Sema kwamba shinikizo iliyolipandisha ndilo lililopunguza mapigo. Tofauti ya maneno hayo ina faida kitandani, maana mgonjwa ambaye shinikizo lake lilikuwa chini mno, na noradrenalini ikamrudisha tu kwenye wastani wa 65, hana sababu ya kupunguza mapigo kwa njia hiyo, na huenda yakabaki juu kama yalivyokuwa kwa ajili ya homa au upungufu wa maji.

Mpumzishe mtu wetu. Dawa hizi hazidumu. Nusu yake huondoka katika damu kwa muda wa dakika mbili au tatu, kwa hiyo baada ya robo saa amerudi alikoanza. Sasa mtie adrenalini kwa kiasi kilekile. Shinikizo linasoma 145 kwa 58, na mapigo yamepanda kufika 92. Hesabu wastani: 145 toa 58 ni 87, theluthi yake ni 29, ongeza kwenye 58 unapata 87. Ndiyo ileile tuliyoanza nayo! Mtu anasikia moyo ukimgonga kifuani, mikono inatetemeka, la juu limepanda kwa 25, nawe ukiitazama tarakimu hiyo moja utaapa kwamba presha imepanda. Kumbe shinikizo linalovisukumia damu viungo halikubadilika. Moyo sasa unasukuma kama lita 8, na 87 kwa 8 ni karibu 11: ukinzani umeshuka. Ngozi na figo zimebanwa na alfa, ni kweli, lakini misuli ya viungo, ambayo ni sehemu kubwa sana ya mwili, imefunguliwa na beta ya pili, na ufunguzi huo umeshinda ubanaji. Kwa kuwa wastani haukupanda, vihisi vya shingoni havikupata la kulalamikia, vagasi ikanyamaza, na moyo ukaifuata beta ya kwanza bila kipingamizi.

Huo ndio usomaji wenyewe. Shinikizo la chini likipanda na mapigo yakishuka au yakatulia, mishipa imebanwa na noradrenalini inatawala. Shinikizo la chini likishuka huku la juu likipanda, mwanya kati yao ukawa mpana na moyo ukaenda mbio, beta ya pili imefunguka na adrenalini ndiyo inayotenda.

Lakini kuna sharti moja ambalo asiyelijua atauona usomaji huu kuwa wa uongo, nalo ni kiasi cha dozi. Beta ya pili huitika kwa adrenalini kidogo; alfa huhitaji zaidi, ila ikiisha kuitika, nguvu yake ni kubwa kuliko ya beta. Kwa hiyo adrenalini ikitiwa kidogo kidogo, shinikizo la chini hushuka. Ikizidishwa, hufika mahali pa kutulia. Na ikitiwa kwa wingi, hupanda kama la noradrenalini. Ndiyo maana adrenalini ya miligramu moja inayotiwa mshipani wakati moyo umesimama kabisa hutarajiwa kubana mishipa na kupeleka damu moyoni kwenyewe na kwenye ubongo, wala hatukusudii kuipanua misuli ya miguu. Na kwa sababu iyo hiyo miligramu moja ileile, ikitiwa mshipani mwa mtu ambaye moyo wake unapiga, yaweza kumletea shinikizo la kutisha na mapigo ya hatari. Mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali hupewa nusu ya miligramu katika msuli wa paja, upande wa nje, si mshipani. Nayo ni nusu mililita ya kichupa chenye miligramu moja kwa mililita. Soma kichupa kabla hujavuta, kwani chengine huandikwa epinefrini, nayo ni dawa iyo hiyo. Na wala noradrenalini haiwezi kushika nafasi yake hapo, maana mgonjwa wa mzio mkali mbali na mishipa iliyolegea ana njia za hewa zilizobanwa, na za kuzifungua ni beta ya pili.

Tumefika kwenye sukari na chakula cha mwili, mahali ambapo tofauti ni kubwa kuliko ile ya moyo. Adrenalini ikifika katika ini huamrisha glaikojeni, ile akiba ya wanga, ivunjwe iwe glukosi na kumiminwa katika damu, na ini litengeneze glukosi mpya juu ya hiyo. Ikifika katika kongosho huzuia insulini isitoke, na kuihimiza homoni ya upande wa pili, glukagoni. Ikifika katika misuli huvunja glaikojeni pia, lakini msuli hauna kimeng'enya cha kuitoa glukosi nje. Hauwezi ila kuichoma yenyewe au kuigeuza lakteti na kuitoa hiyo. Lakteti husafiri katika damu mpaka kwenye ini, ambalo hurudi kuifanya glukosi. Ukizipanga khabari hizo pamoja utaona kwa nini mtu aliyetiwa adrenalini hupandisha sukari na lakteti kwa pamoja, na kwa nini mwili wake hutumia oksijeni zaidi na kutoa joto zaidi. Mafuta nayo huvunjwa kutoka katika akiba, na hapo noradrenalini haiko nyuma, kwa sababu vipokezi vya beta vya chembe za mafuta si vile vya pili peke yake ambavyo inavishindwa. Lakini katika sukari na lakteti noradrenalini ni dhaifu mno. Yaweza kupandisha sukari kidogo kwa dozi kubwa, ila huwezi kuilinganisha na mwenzake.

Pana jambo jingine dogo linalosahauliwa, nalo ni potasiamu. Beta ya pili ya misuli huisukuma potasiamu iingie ndani ya chembe, hata ile ya damuni ikapungua kwa nusu milimoli kwa lita au zaidi. Mgonjwa aliyeanza na potasiamu ya 3.2 kwa sababu ya kuharisha, akawekewa dripu ya adrenalini, yumo katika hatari ya mapigo kuharibika utaratibu, na mpimaji asiyekumbuka jambo hili atatafuta sababu kwengine.

Niruhusu nikupe kisa cha kuonyesha namna ujinga wa khabari ya lakteti unavyoweza kuelekeza tiba kombo. Chukua mgonjwa aliyeingiwa na sumu ya vijidudu katika damu, mishipa imelegea, shinikizo la wastani ni 50. Amepewa maji, bado liko chini. Katika wodi hiyo noradrenalini imekwisha, kukaanzwa adrenalini kwa dripu, na baada ya saa mbili wastani umefika 66, mkojo umeanza kutoka, ngozi imepata joto, akili imerudi. Walakini lakteti iliyokuwa milimoli 4 sasa ni 6, na sukari, ambayo ilikuwa ya kawaida, ni 13. Anayejua tu kwamba lakteti ni alama ya viungo kukosa oksijeni atasema mgonjwa anazidi, ataongeza adrenalini, na lakteti itapanda tena. Ataongeza maji, na mapafu yatalowa. Anayeijua dawa atatazama dalili zote pamoja: mkojo, ngozi, akili, vyote vimekuwa vyema; kilichopanda ni lakteti na sukari kwa mkono mmoja, na mapigo juu, ambavyo ni athari za beta ya pili na ya kwanza. Ataishika dozi pale ilipo, atapima tena baada ya saa chache, na atakapopata noradrenalini ataibadilisha taratibu, huku moja ikishushwa na nyingine ikipandishwa. Lakini ikiwa lakteti imepanda na mkojo umekatika, ngozi ni baridi na akili imepotea, usiitupie adrenalini lawama. Hapo viungo vinalia kweli. Noradrenalini ndiyo inayochaguliwa kwanza katika hali hii mahali inapopatikana, na sababu moja ni hiyo: huinua shinikizo la wastani kwa kubana kilicholegea, bila kuuhimiza sana moyo na bila kuivuruga lakteti unayoitegemea kama kipimo. Tahadhari yake ni mshipa: ikivuja nje ya vena ndogo ya mkononi hubana ngozi mpaka ikafa, kwa hiyo hupendelewa vena kubwa, na palipo na ndogo tu, mahali pa sindano pachunguzwe mara kwa mara kwa weupe na maumivu.

Sasa yako wapi matumizi ya usomaji huu pale ambapo vipokezi vyenyewe vimefungwa? Wagonjwa wengi hutumia propranololi, dawa inayofunga beta zote mbili. Mtie mtu huyo adrenalini, na tazama kilichosalia: beta ya kwanza imefungwa, beta ya pili imefungwa, ni alfa peke yake iliyo wazi. Adrenalini mwilini mwake itatenda kazi ya noradrenalini, na zaidi: shinikizo la juu na la chini litapanda pamoja, na vagasi italipunguza pigo la moyo, pengine hata 45. Mgonjwa wa mzio anayetumia dawa hiyo huenda asiitike vyema kwa adrenalini, na katika hali hiyo glukagoni yaweza kumsaidia, kwa kuwa huuhimiza moyo kwa mlango wake wenyewe usiopitia beta. Ukimwona mtu wa namna hii na tarakimu zake haziendi na mfano wetu, uliza dawa anazotumia kabla ya kuushuku mfano.

Kanuni iyo hiyo ndiyo inayoamua mwendo wa tiba ya uvimbe wa kiini cha tezi, feokromositoma, maradhi nadra ambayo mtu hupatwa na kuumwa kichwa, jasho na mapigo ya moyo kwa vipindi. Uvimbe unaotoa noradrenalini kwa wingi huelekea kumpa mgonjwa shinikizo kubwa lisiloshuka, la juu na la chini pamoja. Ule unaotoa adrenalini zaidi humletea vipindi vya moyo kumwenda mbio, kutetemeka na sukari kupanda, na mara nyingine shinikizo hushuka badala ya kupanda. Kupima homoni zenyewe katika damu hakutoshi, kwa sababu huja na kuondoka. Hupimwa mabaki yake, metanefrini itokanayo na adrenalini na nometanefrini itokanayo na noradrenalini, katika damu au katika mkojo wa saa 24. Na hapa ndipo tunapoihitaji ile kotizoli niliyokuomba uiweke akilini: uvimbe wa jamii hii ulioota nje ya tezi, kando ya aota au karibu na kibofu, hauna damu ya gamba ya kuuogesha, kwa hiyo karibu siku zote huishia kwenye noradrenalini. Metanefrini ikiwa juu sana, elekea kutafuta katika tezi. Nometanefrini ikiwa juu peke yake, uvimbe waweza kuwa ndani ya tezi au nje yake, na picha za tumbo zote zitahitajika.

Mgonjwa huyo, kabla ya kupelekwa kwa mpasuaji, huandaliwa kwa dawa ya kufunga alfa kwa siku 7 mpaka 14, akishauriwa ale chumvi na anywe maji ya kutosha ili mishipa inayofunguka ipate cha kuijaza. Moyo wake unakwenda mbio, na kishawishi ni kikubwa cha kumpa propranololi kwanza ili utulie. Usimpe. Ukiifunga beta ya pili wakati alfa ingali wazi, umeziba mlango pekee uliokuwa ukiipanua mishipa ya misuli, na umeiacha homoni yote ya uvimbe ibane bila mpinzani. Shinikizo laweza kupaa kwa saa moja hata moyo au ubongo ukashindwa. Funga alfa kwanza, subiri mpaka shinikizo litulie akiwa amelala na lishuke kidogo anaposimama, na kisha, mapigo yakiwa bado juu, ndipo uanze beta kwa dozi ndogo.